Andalio la Kipindi: Uwezekano kwa Sarafu na Dadu

Somo: Hisabati (kipindi cha ziada)
Darasa: la Sita A, wanafunzi 64, shule ya msingi, kata ya Dunda, Bagamoyo
Muda: dakika 80, Jumatano baada ya mapumziko
Maarifa ya awali: sehemu, desimali, asilimia, kusoma jedwali

Mwalimu mwenzangu wa mkondo B, nimeliandika kirefu kwa sababu utalitumia Alhamisi. Palipo rahisi nimepita haraka, wewe unapajua.

Lengo

Mwanafunzi aandike makisio kabla ya kurusha, arekodi matokeo kama yalivyotoka, kisha aeleze kwa nini viwili hivyo vinatofautiana. Neno zito hapo ni "kama yalivyotoka". Watoto wetu wamezoea kwamba Hisabati ina jibu moja, kwa hiyo wakikisia 10 na kupata 7 watadhani wamekosa, na mkono utaenda kwenye kifutio. Kipindi kizima kimepangwa kuzuia hilo.

Zana

Sarafu 16 za shilingi 200, dadu 16 za kawaida (za mchezo wa ludo zinatosha), nyungo 16 na karatasi moja ya jedwali kwa kila kikundi. Wanafunzi waandike kwa kalamu ya wino, penseli zibaki mkobani. Ungo ni wa kurushia ndani yake: bila huo, dadu itaviringika chini ya madawati na dakika kumi zitaisha mkiitafuta. Nyungo waombe nyumbani siku moja kabla.

Sarafu hesabu unapotoa na unapokusanya, kisha waambie mapema, bila kuzunguka, kwamba hakuna anayeweka dau wala anayeshinda kitu. Kuna wazazi watakaosikia "dadu shuleni" wakafikiria kamari, na wana haki ya kuuliza.

Andaa pia dadu moja ya siri: mchemraba wa manila, na ndani yake donge la udongo wa mfinyanzi lililogandishwa upande wa 1. Upande mzito hupenda kukaa chini, na kwa kuwa pande zinazotazamana kwenye dadu hujumlisha 7, namba 6 itajitokeza juu mara nyingi. Ijaribu jioni yake. Udongo ukiwa mdogo haileti tofauti inayoonekana.

Utangulizi (dakika 10)

Shika sarafu juu. Upande mmoja kuna sura ya Mzee Karume, mwingine kuna simba. Uliza: "Nikirusha mara 20, simba atatoka mara ngapi?" Kila mmoja aandike kisio lake na sababu, kimyakimya. Wengi wataandika 10. Usiseme ni sahihi wala si sahihi.

Kisha uliza kuhusu dadu: "Namba ipi ni ngumu kutoka?" Utasikia "Sita!" darasa zima, maana kwenye ludo kete haitoki nyumbani bila sita na kila mtoto anakumbuka alivyoingoja. Andika madai hayo ubaoni, pembeni, yabaki hapo.

Kazi ya sarafu (dakika 25)

Vikundi 16 vya watoto wanne: mrushaji, msomaji anayetaja kwa sauti, mwandishi, na shahidi anayehakikisha kilichotajwa ndicho kilichoandikwa. Wabadilishane kila baada ya mizunguko mitano. Mwandishi aandike mfuatano wenyewe, K kwa Karume na S kwa simba, kwa mfano K S S K S S S S K. Jumla peke yake haitoshi, na hapa chini utaona kwa nini.

Baada ya mizunguko 20 kila kikundi kilete idadi ya simba ubaoni. Tarajia vikundi vitatu hivi tu kupata 10 kamili, kwa kuwa uwezekano wa 10 kamili katika 20 ni kama 0.18. Vilivyobaki vitatawanyika, karibu vyote kati ya 6 na 14. Uliza: "Je, waliopata 7 wana sarafu mbovu?" Waache wabishane kidogo.

Sasa jumlisheni vyote: mirusho 320. Idadi ya simba itakuwa karibu na 160. Kwa kawaida itaangukia kati ya 142 na 178. Wageuze kuwa asilimia na walinganishe na asilimia za kikundi kimoja kimoja. Kikundi kilichopata 7 kina 35%, lakini darasa zima litakuwa jirani na 50%. Hapo wataona wenyewe kwamba mirusho mingi hutuliza matokeo.

Ukiwa na nafasi, wasimulie kuhusu John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini aliyewekwa kizuizini Denmaki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huko alirusha sarafu mara 10,000 na kurekodi: kichwa kilitoka mara 5,067. Hata yeye hakupata 5,000.

Rudi kwenye mifuatano. Waambie watafute mahali upande mmoja ulipotoka mara nne mfululizo au zaidi. Kama vikundi 12 kati ya 16 vitapata. Anayebuni matokeo kichwani huogopa kuandika S S S S, anaona si ya kweli, kwa hiyo hupishanisha K na S mno. Usimtaje mtu, kikundi kisicho na mfululizo hakijathibitishwa kudanganya, kwani vinne hivi vitakosa kihalali.

Kazi ya dadu (dakika 30)

Mpango uleule, mirusho 30 kwa kikundi. Kwanza waandike kisio kwa kila namba, jumla iwe 30. Kikundi kikileta 5, 5, 5, 5, 5, 5, kiombe kwa upole kirudie mbele ya wenzake: matokeo hayo hutokea kama mara moja katika 2,500.

Jumla ya darasa ni mirusho 480, matarajio 80 kwa kila namba. Chora grafu ya mihimili, kisha rudi kwenye yale madai ya pembeni: sita ni ngumu? Mhimili wake utajibu. Aliyengoja sita kwenye ludo alikuwa akingoja namba moja dhidi ya tano.

Zikibaki dakika kumi, toa dadu ya siri. Mtoto mmoja arushe mara 30, darasa lirekodi. Usiseme lolote mpaka mmoja adai kuipasua. Mpe aipasue.

Tathmini (dakika 15)

Maswali matatu, kila mtu peke yake:

1. Sarafu imetoa Karume mara tano mfululizo. Je, mrusho wa sita simba ana nafasi kubwa zaidi? Eleza.
2. Kikundi kimepata sita mara 9 katika mirusho 30. Ungefanya nini kabla ya kusema dadu ni mbovu?
3. Juma anasema: "Kesho mashua itarudi na samaki au haitarudi nao, kwa hiyo uwezekano ni nusu." Mjibu.

La tatu ndilo litakalokuonyesha nani ameelewa. Watoto wa wavuvi wataling'amua haraka: matokeo mawili si lazima yawe na nafasi sawa, na atakayetaka kujua inabidi ahesabu siku mashua iliporudi na kitu. Ukipata jibu la namna hiyo, hata kwa Kiswahili cha kukatakata, lipe alama zote. Kwa la kwanza, anayeandika "hapana" bila sababu apate nusu tu.