Jibu Nililomnyima Mjomba

Mwaka 1988, nilipokuwa na umri wa miaka 18, mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, aliniita ufuoni penye chombo alichokuwa akikikalafati, akanipa nyundo ya mbao na patasi butu, akaniambia nijaribu. Nilishindilia pamba iliyolowa mafuta katika mwanya wa mbao mbili kwa muda wa nusu saa hivi. Yeye hakunitazama, alikuwa amenipa mgongo, anachonga taruma kwa tezo, na kila nilipogonga alisema "bado", mpaka sauti ya nyundo ilipobadilika ikawa kavu, ndipo akasema, "Basi, hapo pameshiba." Kisha, bila kugeuka, aliniuliza kama ningependa kukaa naye hadi niweze kuunda chombo mwenyewe. Nilimjibu, "Nitafikiri, mjomba." Jumamosi iliyofuata nilivuka kwenda Mokowe, nikapanda basi la Mombasa, nikaanza kuandika daftari za mali katika duka la vifaa vya ujenzi. Kazi hiyo, kwa sura moja au nyingine, niliifanya kwa miaka 34.

Nimerudi Amu kupumzika, na kwa kuwa muda ninao, huyawaza yale maisha mengine. Jambo la kwanza ninalolazimika kuliondoa ni ile picha ya jahazi jipya linaloshushwa majini kwa vigelegele, kwa sababu hata fundi mwenyewe huiona siku moja tu baada ya miezi mingi ya vumbi la mbao na maumivu ya magoti. Mjomba alilipwa kidogo kidogo, na wako waliochukua chombo wakaacha deni ambalo halikulipwa mpaka leo. Nahodha aliyekuwa akiagiza jahazi siku hizo, mwanawe leo hununua boti ya faiba. Ilipofika mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, hata mikoko haikukatwa, na fundi asiye na mti hana la kufanya ila kungoja.

Vijana wawili wa rika langu walikubali kujifunza kwake. Mmoja sasa anachonga milango ya nakshi mjini na kutengeneza vitanda vya nyumba za wageni za Shela. Mwingine aliiacha kazi zamani, anaendesha boti ya abiria. Sina sababu ya kujipa bahati ambayo wao hawakuipata. Tena wote wawili walikuwa na subira kunishinda, kwa hiyo naamini ningekuwa fundi wa wastani, wa kuitwa kwenye matengenezo ya vyombo vikuukuu, anayelalamikia bei ya mbao barazani baada ya alasiri. Paa la makuti la mama yangu lisingegeuka mabati mwaka ule lilipogeuka. Mke niliyemwoa Mombasa nisingekutana naye, na hapo ndipo huacha kuwaza, kwa maana mbele ya hapo kuna majina ya watoto wangu.

Nikiisha kutoa yote hayo, kinachobaki ni kidogo, lakini hakiondoki. Ninapovuka kwenda Manda huweka kiganja kwenye ubavu wa mashua, nami sijui kama mbao zimekazana au zimelegea. Mkono wangu unajua karatasi tu. Hilo ningeweza kulivumilia. Ninaloshindwa kulivumilia nililisikia kwa mama, baada ya mjomba kufariki. Alinieleza kwamba kwa miaka miwili tangu niondoke, mjomba aliwakataa vijana waliokuja kuomba kujifunza, na kila alipofika mjini kuuza vipande vya mbao aliuliza, "Bado anafikiri?" Wale wawili aliwachukua baadaye, macho yalipokuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na sehemu kubwa ya aliyoyajua hakuwa tena na uwezo wa kuwaonyesha.

Mimi nilikuwa nikija kila Idi. Nilimletea sukari na kikoi, nikambusu mkono, tukaulizana habari za afya na za kusi na kaskazi. Yeye hakulitaja lile swali, nami nilichukulia kwamba amelisahau, au, niseme ukweli, nilifurahi kuchukulia hivyo. Jibu nilikuwa nalo tangu ile jioni ya ufuoni. Lilikuwa "la", na lingemtosha, na mtu mwingine angekipata kile kiti miaka miwili mapema, machoni pake kungali na mwanga.

Kwa hiyo katika maisha mengine ninayoweza kuyaamini, nasafiri Jumamosi ile ile, kwa basi lile lile, na kuandika daftari zile zile, ila Ijumaa, baada ya swala, nimekwenda Matondoni kwanza.