KUH: KUPINGA KUFUNGIWA AKAUNTI NA KUDAI MALIPO YANGU

Kwa Meneja wa Madereva,
Ofisi ya Mombasa.

22 Oktoba 2025

Kwa heshima na taadhima, ninapinga kufungiwa akaunti yangu ya udereva kwenye programu yenu ya teksi jioni ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba, na ninadai Sh15,784 nilizokwisha kuzitolea jasho.

Ujumbe nilioupata ulikuwa wa mstari mmoja: eti nimedanganya mahali nilipo. Haukutaja safari, siku wala saa. Nimeandika mara nne kuuliza, na mara zote nimejibiwa maneno yale yale. Nilipofika ofisini, mlinzi alinirudisha mlangoni.

Basi nimepekua safari zangu mwenyewe. Inayoweza kuleta shaka ni moja tu, ya Jumapili tarehe 12, kutoka Ganjoni hadi Shelly Beach. Tulikaa kwenye foleni ya feri ya Likoni dakika 50. Tulipopanda nilizima injini, simu ikiwa pale pale kwenye kishikio. Alama ya gari ikawa inaelea baharini kwenye ramani, ikaruka ng'ambo, ikarudi kisiwani, ikatulia tuliposhuka. Abiria wangu aliiona, akaniuliza kulikoni. Pale hapana barabara, ni maji, na dereva yeyote wa Mombasa angewaeleza hivyo. Risiti ya feri nimeiambatisha. Linganisheni saa yake na ya safari.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inanipa haki ya kutoamuliwa jambo zito kama hili na mashine peke yake, na ya kuomba liangaliwe upya. Ninaomba mtu aliangalie, nami nielezwe kwa maandishi ni safari ipi na ni kosa gani.

Kuhusu pesa: kuanzia tarehe 6 hadi 12 Oktoba abiria waliolipa kwa kadi walilipa Sh16,200. Nikitoa kamisheni ya asilimia 18, ambayo ndiyo kikomo katika kanuni za mwaka 2022, zinabaki Sh13,284. Bonasi ya safari 60 ni Sh2,500, nilifikisha 63. Hata mkishikilia kuwa safari ile moja ina kasoro, 62 zilizobaki zimekosa nini? Abiria walifika, nanyi mlipokea nauli.

Gari ninalikodi Sh1,500 kwa siku, na mwenyewe hanisubiri. Siku nane sasa nimekopa mafuta nikitafuta abiria wa barabarani pale Mwembe Tayari, na karo ya mwanangu haijalipwa.

Ninaomba akaunti ifunguliwe na pesa zitumwe kwa M-Pesa, kwenye namba mliyonayo, ndani ya siku saba. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na dai la pesa katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa.

Wako mwaminifu,

Salim Juma Mwinyi
Dereva

Viambatisho: risiti ya feri, picha za skrini za safari 63 na za majibu yenu manne.