Tafsiri ya karatasi ya parkingi ya Papa Amani, 13 Mei 2025

Papa Amani, jambo sana. Picha zako mbili zimenifikia hapa Nyawera, Bukavu, na nimezisoma hadi mistari midogo ya chini. Tulia kwanza: hii haikutoka kwa polisi, si kesi ya jinai, na haigusi leseni ya mtu. Ni deni ambalo halmashauri ya jiji huko Uingereza inalidai. Lakini ina tarehe zake, na hizo hazingoji mtu.

Karatasi inasema hivi:

ILANI YA KULIPA ADHABU (PCN)
Imetolewa kwa Sheria ya Usimamizi wa Trafiki ya mwaka 2004.
Tarehe: Jumanne, 13 Mei 2025.
Gari: Ford Focus, rangi ya buluu.
Gari lilitazamwa kuanzia 14:12 hadi 14:19.
Kosa namba 01: kuegesha katika barabara yenye katazo, ndani ya saa za katazo.
Adhabu ni pauni 70, ilipwe ndani ya siku 28 kuanzia tarehe ya ilani hii. Ikilipwa ndani ya siku 14 itapunguzwa kwa nusu, yaani pauni 35.
Usimlipe afisa aliyetoa ilani hii.
Ukiona haikustahili kutolewa, iandikie halmashauri. Isipolipwa baada ya siku 28, mwenye gari anaweza kutumiwa Ilani kwa Mwenye Gari.

Mwisho wa tafsiri. Namba ya ilani sijaiandika kwa sababu karatasi imejikunja pale pembeni, na tarakimu ya mwisho inaweza kuwa 3 au 8. Inyooshe, upige picha tena.

Kosa lenyewe ni ule mstari mmoja wa njano kando ya barabara. Maana yake: usiegeshe katika saa zilizoandikwa kwenye kibao cha karibu. Katika picha yako kibao kinasomeka Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo afisa hakutunga.

Hata hivyo, uliniambia kwenye simu kwamba ulikuwa unashusha mifuko miwili ya unga wa muhogo na katoni za mafuta kwa Mama Neema. Hapo ndipo penye nguvu yako. Kwa kawaida mstari wa njano haumkatazi mtu kushusha mzigo mzito, mradi asikawie. Katazo la kushusha huonyeshwa kwa vistari vifupi vya njano juu ya ukingo wa njia ya miguu. Nimeikuza picha yako: ukingo ni mtupu, hauna hata kistari kimoja.

Kwa hiyo mimi nasema pinga, na usilipe kwanza, maana ukilipa shauri linafungwa. Siku ya 13 Mei yenyewe inahesabiwa, hivyo nusu bei inaisha 26 Mei, ambayo huko ni sikukuu. Tuma wiki hii. Ukipinga ndani ya siku hizo 14 na wakakataa, kwa kawaida halmashauri hukurudishia nafasi ya kulipa pauni 35. Soma vizuri barua yao ya jibu. Siku 28 zinaisha 9 Juni.

Ingia kwenye tovuti ya halmashauri iliyoandikwa mgongoni mwa karatasi, weka namba ya ilani na ya gari, kisha ubandike barua ya Kiingereza niliyokuambatanishia. Inasema: «Nilisimama kushusha mizigo mizito nyumbani kwa familia. Nilikuwa nikiingiza mizigo ndani na kurudi garini. Hakuna alama inayokataza kushusha mahali hapo. Naomba ilani ifutwe.» Ambatanisha risiti ya duka yenye saa, na picha za ukingo na kibao. Kama risiti imepotea, mwenye duka akuandikie mistari miwili.

Wakikataa na usipolipa, Ilani kwa Mwenye Gari itakwenda kwa Neema, si kwako, kwa kuwa gari limeandikishwa kwa jina lake. Mwambie leo, asije akaitupa bahasha. Atakuwa na siku 28 za kulipa au kupinga rasmi kwa hoja kwamba kosa halikutendeka. Halmashauri ikikataa tena, ana siku nyingine 28 za kukata rufaa kwenye baraza huru la rufaa za adhabu za barabarani, bila kulipa senti. Asipojibu kitu, deni linapanda hadi pauni 105, na baadaye linaweza kupelekwa mahakamani kudaiwa.

Huko hakuna wa kuongea naye barabarani kama tunavyoongea na polisi wa barabarani hapa Bukavu. Kila kitu kinapita kwa maandishi. Ukishatuma, piga picha ile skrini ya kuthibitisha wamepokea, uitunze hadi jibu lije. Nami nitumie picha ya ile namba jioni hii, nihakiki kabla hujabonyeza.