Reli Inayokwenda Kigoma: Somo la Kuchora Umbali

Klabu ya Sanaa, Kidato cha Kwanza na cha Pili, Tabora. Vipindi viwili, dakika 80. Njoo na karatasi ya A4, penseli ya HB, rula ya sm 30 na raba. Kamba za katani ninazo mimi.

Mwaka jana nilimwambia mwanafunzi mmoja achore reli mbili zikikaribiana mpaka zikutane. Akanitazama kama mtu aliyepotoka. "Mwalimu, zikikutana treni si itaanguka?" Alikuwa na haki. Kwenye reli ya zamani, upana kati ya chuma na chuma ni m 1, hapa Tabora na kule Kigoma. Basi akachora anachokijua: mistari miwili sambamba na mataruma yaliyopangwa sawasawa, ikatoka ngazi iliyoegemezwa kwenye anga. Leo tunachora jicho linachokiona, na tutalipima ili lisitudanganye.

Tunaanzia uwanjani, si relini. Kwenye reli hakuna kuingia hata kama treni haisikiki. Tukimaliza hapa tutakwenda kwenye kivuko na kutazama tukiwa nje ya njia, basi.

Tandazeni kamba mbili kwa urefu wa m 50, zikiwa zimeachana m 1 mwanzo mpaka mwisho. Wekeni kijiti kila m 10, kikatize toka kamba hadi kamba. Hiyo ndiyo reli yetu. Sasa simama mwanzoni, katikati ya kamba. Nyoosha mkono, kiwiko kisikunjike, shika penseli kwa kulala, fumba jicho moja. Ncha ya penseli iguse kamba ya kushoto pale kwenye kijiti cha m 10, kisha telezesha ukucha wa kidole gumba mpaka kamba ya kulia. Usiondoe ukucha, pima kwa rula.

Kama penseli iko sm 50 kutoka jichoni, utapata karibu sm 5. Rudia kwenye m 20: sm 2.5. Kwenye m 50: sm 1 tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, upana unaoonekana unabaki nusu. Mwenye mkono mfupi atapata namba ndogo kidogo, asiogope, mgawanyo wake utakuwa uleule. Anayekunja kiwiko katikati ya kupima ndiye anayeharibu hesabu, na kila mwaka hakosekani mmoja.

Kabla ya kuondoka hapo, chuchumaa. Mtazame mwenzako aliyesimama mwisho wa kamba. Ulipokuwa umesimama, mstari ambapo ardhi inakutana na anga ulipita machoni pake, kama mna kimo kimoja. Umechuchumaa, umeshuka mpaka kiunoni mwake. Huo ni mstari wa upeo, nao hufuata macho yako: ukipanda unapanda nao, ukishuka unashuka nao. Miti ikiuficha, usichore vilele vya miti ukidhani ndio upeo. Upeo uko nyuma ya mashina, kwenye kimo cha macho yako.

Sasa karatasi. Ilaze. Pima sm 15 kutoka chini, piga mstari mwepesi toka ukingo hadi ukingo. Huo ni upeo. Kwenye mstari huohuo weka nukta, kushoto kidogo ya katikati (katikati kabisa picha inakuwa kama nembo). Hiyo ni nukta ya kupotelea.

Kwenye ukingo wa chini weka alama mbili zilizoachana sm 10, kisha unganisha kila moja na nukta. Kwa nini 10? Kwa sababu macho ya wengi wenu yako karibu m 1.5 juu ya ardhi, na upana wa reli ni m 1. Ukingoni, sm 15 mpaka kwenye upeo zinasimama badala ya m 1.5, kwa hiyo m 1 ni sm 10. Ungechora reli mpya ya SGR, ambayo upana wake ni mm 1,435, ungeachanisha alama kwa sm 14 na ushei. (Mwitaliano Leon Battista Alberti aliandika kanuni za uchoraji wa namna hii mwaka 1435. Tarakimu zimegongana kwa bahati tu, lakini zitakusaidia kukumbuka yote mawili.)

Mataruma yanatokeza nje ya reli. Weka alama nyingine sm 4 nje ya kila reli, uzipeleke kwenye nukta ileile. Una mistari minne. Ongeza wa tano, mwepesi, katikati ya reli mbili.

Hapa ndipo ngazi huzaliwa, kwa hiyo twende taratibu. Taruma la kwanza ni ukingo wenyewe wa karatasi. La pili lichore sm 2 juu yake, mlalo kabisa. La tatu usilikadirie kwa macho. Weka rula pale taruma la kwanza linapokutana na reli ya kushoto, uipitishe pale taruma la pili linapokatwa na mstari wa katikati, uendelee mpaka ugonge reli ya kulia. Ulipogonga ndipo taruma la tatu linapokaa. Pima: ni karibu sm 3.5 kutoka chini. Kwa la nne anzia taruma la pili, pitia katikati ya la tatu. Litaangukia karibu sm 4.7. Nafasi zimetoka 2, zikaja 1.5, zikaja 1.2. Zinabanana zenyewe, hukukisia kitu. Ukifika taruma la kumi rula haina kazi tena. Malizia kwa mkono, mistari ikikaribiana mpaka iwe kivuli.

Jikague kabla ya kuniletea. Kwenye sm 7.5 kutoka chini, nusu ya njia ya kwenda kwenye upeo, reli lazima ziachane sm 5. Zikiachana 6, mstari mmoja haukufika kwenye nukta.

Nguzo za simu kandokando husimama wima, hazielekei kwenye nukta. Ni vilele na vitako vyake vinavyoelekea huko. Kimo chake kinapatikana bila kubahatisha. Toka kitako cha nguzo hadi kwenye upeo ni m 1.5. Nguzo ya m 6 ni mara nne ya hapo. Kitako kikiwa sm 1.5 chini ya upeo, nguzo ina sm 6. Mwembe upimwe vivyo hivyo, ila shina lake usilinyooshe kwa rula. Mwembe wa Tabora haujawahi kunyooka hivyo.

Kokoto chora zile za karibu tu, chache, zenye pembe na kivuli. Mbali ni vumbi: penseli iguse karatasi kwa shida.

Kazi ya nyumbani ni mbili. Kwanza, chora reli hiyohiyo ukiwa umechuchumaa, macho yako m 1 kutoka ardhini: upana wa sm 10 ukingoni ubaki, upeo ushushe mpaka sm 10. Pili, jifikirie umesimama juu ya daraja, macho yako m 3 juu ya reli. Upeo uko sm 15, tafuta mwenyewe reli ziachane kiasi gani ukingoni. Mistari ya kupimia isifutwe. Nitaanza kusahihisha hiyo kabla sijatazama picha.