YAH: Sababu za modeli ya mauzo ya unga kukosea makisio ya Januari hadi Juni 2025

Dar es Salaam,
21 Julai 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kiwanda cha Unga wa Ngano.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Katika kikao chetu cha tarehe 10 Julai uliniuliza imekuwaje modeli niliyoikabidhi mwezi Desemba, ambayo niliisifu kwa R² ya 0.983, yaani kipimo cha jinsi modeli inavyolingana na takwimu zilizoijenga, ikakisia tani 690 kwa mwezi wa Aprili wakati mliuza tani 498, na kwa miezi sita yote ikakosea kwa wastani wa asilimia 29. Jibu fupi ni kwamba modeli ile ilikariri takwimu zenu badala ya kuuelewa mwenendo wa soko, na kosa hilo ni langu, si la idara yako ya mauzo iliyoniletea takwimu sahihi na kwa wakati.

Tulikuwa na mauzo ya miezi 48, kuanzia 2021 hadi 2024. Modeli ilikuwa na vigezo 24 vya kukadiriwa, yaani namba inazozitafuta yenyewe kutoka kwenye takwimu, maana yake kila kigezo kilitegemea wastani wa miezi miwili tu ya ushahidi. Modeli yenye uhuru mkubwa kiasi hicho hujipinda ipite karibu na kila nukta, ikiwamo misukosuko ya bahati tu isiyojirudia, na R² hupanda kila unapoongeza kigezo, hata kiwe hakina maana yoyote. Kipimo kinachotoza adhabu kwa wingi wa vigezo nilikiangalia pia, kikanipa 0.967, nami nikaridhika. Sikupaswa kuridhika, kwa sababu vigeuzi tisa vya uchumi na hali ya hewa vilivyobaki ndani nilivichagua kati ya 41 nilivyovijaribu, na kipimo kile hakina habari na vile 32 nilivyovitupa. Ukijaribu vingi namna hiyo, vichache vitalingana na mauzo kwa bahati.

Mfano ulionifumbua macho ni Agosti 2023. Mwezi ule mashine yenu ya kusagia ilisimama siku 11 na mkauza tani 371, ilhali modeli ilitoa tani 376. Nilipoandaa ripoti niliufurahia mwezi huo. Sasa naona ndio ulipaswa kunishtua, maana hapakuwa na kigeuzi hata kimoja kilichobeba taarifa za kuharibika kwa mashine, hivyo modeli haikuwa na njia halali ya kuijua idadi hiyo ya tani. Ilichofanya ni kuubebesha upungufu huo bei ya dizeli, ambayo ilipanda kwa kasi mwezi ule ule, na tangu hapo ikaamini kwamba dizeli ikishuka kidogo tu wateja watakimbilia unga.

Aprili ina maelezo yake. Kigezo cha Aprili kilitokana na Aprili nne tu, na zote nne ziliangukia ndani ya Ramadhani, nzima au kwa sehemu: mwaka 2021 mfungo ulianza katikati ya mwezi huo, na mwaka 2024 ulimalizikia humo. Mwaka huu mfungo ulianza mwanzoni mwa Machi na Idi ikaangukia mwishoni mwa mwezi huo huo, kwa hiyo wenye maduka walijaza stoo zao Februari, na Aprili ikawa mwezi wa kawaida. Modeli ilikariri jina la mwezi, wala haikuwa na habari ya mfungo wenyewe.

Kipimo nilichopaswa kukifanya Desemba nimekifanya sasa: nimeificha miezi 12 ya mwaka 2024, nikaijenga modeli kwa takwimu za hadi Desemba 2023 peke yake, kisha nikaiagiza ikisie mwaka uliofichwa. Ilikosea kwa asilimia 26. Modeli ndogo yenye vigezo vinne, yaani kiwango cha msingi, ukuaji wa mwaka, bei yenu ya jumla na idadi ya siku za mwezi zilizo ndani ya siku 30 kabla ya Ramadhani, ilikosea kwa asilimia 8, ingawa R² yake ni 0.81 tu. Kwa miezi sita ya mwaka huu ingekosea kwa asilimia 9. Agosti 2023 inaikosea vibaya sana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Naomba agizo la ngano la robo ya nne lisitiwe saini kwa kutegemea jedwali la makisio la Desemba. Jedwali jipya, likiwa na kiwango cha chini na cha juu kwa kila mwezi badala ya tarakimu moja, nitalileta mwenyewe ofisini kwako Jumanne, tarehe 29 Julai, saa nne asubuhi. Kazi hii ya marudio haitakuwa na ankara.

Wako katika ujenzi wa kazi,

Mshauri wa Takwimu