TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE: DORIA YA MOTO USIKU NA MAJARIBIO YA KING'ORA KILA WIKI

Kutoka: Meneja wa Hoteli
Kwa: Mapokezi, jikoni, baa, huduma za vyumba, dobi, bustani, mafundi na walinzi
Tarehe: 24 Februari 2026

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wenu mmeshasikia yaliyotokea dobi usiku wa kuamkia Jumapili. Taulo za chumba cha masaji zilitolewa kwenye mashine ya kukaushia zikiwa za moto, zikarundikwa kapuni, mlango ukafungwa. Mafuta ya masaji hayatoki yote kwa kufua. Taulo zenye mafuta zikibanana na joto lake, zinaendelea kupata joto zenyewe mpaka zinaanza kufuka. Saa 8 usiku mlinzi alikuwa anapita kwenda kuchota maji ya kunywa, akasikia harufu. Namshukuru sana. Lakini kama asingeshikwa na kiu, moshi ule ungegunduliwa na nani? Walinzi wetu wanalinda geti, uzio na ufukwe. Hakuna aliyepangiwa kuutafuta moto.

Na huu ni msimu mbaya. Kaskazi bado inavuma, masika haijaanza, makuti ya mabanda 12 na ya mgahawa yamekauka kabisa. Moto ukishashika paa la makuti katika upepo huu, hakuna mtungi wa kuzimia utakaoufikia.

DORIA

Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Machi, kutakuwa na doria ya moto kila usiku kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, mzunguko mmoja kila saa. Watakaozunguka ni fundi wa zamu na mlinzi mmoja wa ndani, pamoja. Mlinzi wa geti habanduki getini, na wa mapokezi haondoki kaunta.

Njia ni hii: jikoni na stoo ya mitungi ya gesi, dobi, chumba cha jenereta, chumba cha umeme, korido mbili za jengo la ghorofa, mabanda yote kwa nje, baa ya ufukweni, kisha nyumba ya wafanyakazi. Tumieni pua na mkono kuliko macho. Gusa mlango wa stoo kabla ya kuufungua. Ukiwa wa moto, usiufungue. Angalia majivu ya jiko la nyama choma baa: kaa linaloonekana limekufa huamshwa na upepo saa 7 usiku, kwa hiyo kuanzia sasa majivu yanamwagiwa maji kabla baa haijafungwa. Angalia chaja na ekstensheni zilizoachwa, vipande vya sigara chini ya mabanda, dawa ya mbu ya kuchoma iliyowekwa kwenye mkeka. Mitungi ya kuzimia moto, hakikisha ipo mahali pake na mshale uko kwenye kijani.

Mkisikia harufu ya gesi, msiwashe wala msizime taa yoyote. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni. Fungeni valvu, fungueni milango, mwiteni msimamizi wa zamu.

Mwezi huu wa Ramadhani jikoni kuna watu tangu saa 9 usiku kwa ajili ya daku, yetu na ya wageni. Hilo ni jema, na doria isiwasumbue kwa maswali. Ila anayepika daku ndiye anayefunga gesi na kusaini kabla hajatoka, hata kama amebakiza chai tu.

Kila kituo kitakuwa na kadi ya kusaini. Kadi inakaa kituoni, haibebwi. Nimewahi kusoma madaftari ya doria yaliyojazwa usiku mzima kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila hata doa la umande. Karatasi ya namna hiyo ni afadhali isiwepo. Mzunguko ukikosekana kwa sababu ya mvua, mgonjwa au umeme, andikeni kwamba umekosekana na kwa nini. Hakuna atakayeadhibiwa kwa kuandika hivyo. Atakayesaini mzunguko ambao hakuuzunguka, huyo tutaonana ofisini.

Mafundi wanaohamishiwa usiku watalipwa nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka. Mhasibu ameshaarifiwa.

KING'ORA

Kila Jumatano saa 4:30 asubuhi king'ora kitajaribiwa, kuanzia tarehe 4 Machi. Fundi atabonyeza kibonyezo chekundu kimoja, kila wiki cha sehemu tofauti, na mtu wa mapokezi atasimama mbele ya paneli kuona kama taa inayowaka ni ya sehemu hiyohiyo. King'ora kitalia chini ya dakika moja. Mapokezi wawaambie wageni tangu wanapoingia, na tena asubuhi ya Jumatano wakati wa kifungua kinywa. Mgeni aliyelala hapendi kustushwa, na haki ni yake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa: kikilia zaidi ya dakika moja, au kikinyamaza kisha kikalia tena, au kikilia siku na saa nyingine yoyote, huo si mtihani. Ni moto mpaka ithibitike vinginevyo. Asitokee mtu wa kusema "ni fundi tu huyo".

Kwa kuwa wa zamu ya usiku hawatakisikia asubuhi, Jumatano ya mwisho ya kila mwezi jaribio litafanyika saa 12:10 jioni badala ya asubuhi. La kwanza ni tarehe 25 Machi.

Ni marufuku kuvifunika vitambua moshi kwa mifuko ya plastiki. Najua hufanyika wakati wa kupuliza dawa ya wadudu, halafu mfuko unasahaulika wiki nzima. Kama kuna ulazima, fundi ndiye atakayekizima, ataandika kwenye daftari la paneli, na atakirudisha siku hiyohiyo.

KIKILIA KWELI

Usinyamazishe paneli kabla chanzo hakijaonekana. Mapokezi wapige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wataje jina la hoteli, Bagamoyo, na waseme wazi kwamba mapaa ni ya makuti; wasikate simu mpaka waambiwe. Wahudumu wa vyumba wagonge kila mlango na kuita kwa sauti. Wageni wote waelekezwe kwenye maegesho karibu na geti, si ufukweni, kwa sababu njia ya ufukweni inapita chini ya mapaa.

Mapokezi watachapisha orodha ya wageni kila siku saa 4 usiku na kutoka nayo, maana umeme ukikatika kompyuta haitatusaidia kujua nani hajatoka. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima gesi na funika kwa blanketi la moto, maji hapana. Paa likishika, hakuna shujaa wa kupanda juu. Toeni watu.

MAFUNZO

Jumamosi tarehe 28 Februari, saa 9 alasiri, wa zamu za mchana mkutane kwenye bwalo la wafanyakazi. Wa zamu ya usiku, saa 2 usiku baada ya futari. Kila mmoja atashika mtungi na kuufyatua mwenyewe, wakiwemo wahasibu. Dobi waje na kapu lao jipya la chuma: taulo za masaji zitafuliwa peke yake, zitapoa zikiwa zimetandazwa, na hakuna mashine ya kukaushia itakayowashwa baada ya saa 2 usiku.

Wakuu wa idara, kusanyeni sahihi za waliosoma tangazo hili na mniletee kabla ya Ijumaa saa 6 mchana. Asiyejua kusoma vizuri asomewe, si apewe kalamu tu.

Meneja wa Hoteli
Bagamoyo