Swali la 7: Mitosisi na Meiosisi kwa Mchoro Ulioelezwa

Mtihani wa utamilifu, Biolojia, Kidato cha Sita, shule za Moshi na Arusha
Muda wa swali hili: dakika 45. Alama 25. Jibu vipengele vyote.

Mchoro wa swali hili umeandikwa kwa maneno ili mtahiniwa anayesoma maandishi ya kawaida na anayesoma nukta nundu wapate swali lilelile. Soma maelezo mara mbili kabla ya kujibu. Ukitaka, jichoree mwenyewe kwenye karatasi ya rafu, rafu haisahihishwi.

Maelezo ya mchoro

Mnyama mmoja ana kromosomu 4 katika kila seli ya mwili, yaani jozi 2. Jozi ya kwanza ni ndefu na sentromea yake iko katikati. Jozi ya pili ni fupi na sentromea yake iko karibu na ncha moja. Katika kila jozi, kromosomu iliyotoka kwa baba ni nyeusi na iliyotoka kwa mama ni nyeupe. Mchoro una seli 5, zote za mnyama huyo, na hazikupangwa kwa mfuatano wa matukio.

*Seli P.* Kromosomu 4 zimejipanga kwenye ikweta ya seli, kila moja peke yake, sentromea zote zikiwa kwenye mstari mmoja. Kila kromosomu ina kromatidi 2. Ndefu nyeusi iko mwisho wa kushoto na ndefu nyeupe mwisho wa kulia. Fupi mbili ziko katikati yake. Kila sentromea imeshikwa na nyuzi za spindeli kutoka ncha zote mbili za seli.

*Seli Q.* Kwenye ikweta kuna mafungu 2. Fungu la kwanza ni ndefu nyeusi na ndefu nyeupe zikiwa zimelala pamoja, sentromea ya nyeusi juu ya ikweta na ya nyeupe chini yake. Mikono yao imepishana mahali pamoja, na hapo kromatidi moja ya nyeusi ina kipande cheupe mwishoni, na kromatidi moja ya nyeupe ina kipande cheusi mwishoni. Fungu la pili ni fupi nyeupe juu na fupi nyeusi chini. Hizi hazikubadilishana rangi.

*Seli R.* Vipande 8, kila kimoja kromatidi moja. Vinne vinaelekea ncha ya juu na vinne ncha ya chini. Virefu vimejikunja kama herufi V, sentromea ikitangulia. Kila upande kuna ndefu nyeusi, ndefu nyeupe, fupi nyeusi na fupi nyeupe.

*Seli S.* Kromosomu 4, kila moja bado ina kromatidi 2. Mbili zinaelekea juu: ndefu nyeusi, ambayo kromatidi yake moja ina ncha nyeupe, na fupi nyeupe. Mbili zinaelekea chini: ndefu nyeupe, ambayo kromatidi yake moja ina ncha nyeusi, na fupi nyeusi.

*Seli T.* Vipande 4, kila kimoja kromatidi moja. Juu kunakwenda ndefu nyeusi tupu na fupi nyeupe. Chini kunakwenda ndefu nyeusi yenye ncha nyeupe na fupi nyeupe.

Maswali

(a) Kwa kila seli, taja aina ya mgawanyiko na hatua iliyofikiwa. (alama 5)

(b) Seli P na seli Q zote zina kromosomu 4 kwenye ikweta, na kila kromosomu ina kromatidi 2. Kwa kutumia mchoro tu, eleza tofauti tatu zinazoonyesha kuwa migawanyiko hii si ya aina moja. (alama 3)

(c) Mwanafunzi ameandika: "Seli R na seli T zote ni mitosisi, kwa sababu katika zote mbili kromatidi dada zinaachana." Onyesha sehemu iliyo sahihi katika kauli hiyo, kisha thibitisha kwa ushahidi wa aina mbili kwamba hitimisho lake si sahihi. (alama 4)

(d) Seli ya mwili ya mnyama huyu ina vizio 2 vya DNA kabla DNA haijajinakili. Taja vizio vilivyomo katika seli P nzima, katika seli moja itakayotokana na R, moja itakayotokana na S, na moja itakayotokana na T. (alama 4)

(e) Mkulima wa Machame ana mbuni chotara wa arabika unaostahimili ugonjwa. Seli zake za mwili zina kromosomu 44, na wakati wa meiosisi zinaunda jozi 22. Alizalisha miche kwa vikonyo. Jirani yake alichukua mbegu za mbuni uleule, uliojichavusha wenyewe.
 (i) Taja idadi ya kromosomu katika seli ya mzizi wa mche wa kikonyo na katika kiini cha gameti ya kiume. (alama 1)
 (ii) Eleza kwa nini miche ya kikonyo inafanana na mama yake ilhali miche ya mbegu inatofautiana, ukirejea mienendo ya kromosomu katika seli P, Q na S. (alama 3)

(f) Aina nyingi za migomba zina kromosomu 33, yaani seti 3 za kromosomu 11. Mgomba wa namna hiyo hukua vizuri na kutoa machipukizi, lakini ni nadra kutoa mbegu hai. Eleza. (alama 3)

(g) Mwanafunzi wa Arusha aliotesha kitunguu cha Mang'ola juu ya kikombe cha maji, akakata kipande cha mzizi kilichokuwa milimita 15 kutoka kwenye ncha, akakitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Aliona seli ndefu zenye viini vilivyotulia, zikiwa zimerundikana tabaka juu ya tabaka. Taja makosa mawili na namna ya kuyarekebisha. (alama 2)

---

Mwongozo wa usahihishaji (kwa walimu tu)

(a) P ni mitosisi, metafezi. Q ni meiosisi, metafezi I. R ni mitosisi, anafezi. S ni meiosisi, anafezi I. T ni meiosisi, anafezi II. Alama 1 kwa kila seli, aina na hatua zikiwa sahihi pamoja. Aliyeandika "metafezi" kwa Q au "anafezi" kwa S bila namba ya I hapati alama, kwa sababu namba hiyo ndiyo jibu lenyewe.

(b) Zozote tatu, alama 1 kwa kila moja: katika P wenza hawakukutana (ndefu nyeusi na ndefu nyeupe ziko ncha mbili za mstari), katika Q wenza wamelala pamoja, katika P sentromea ziko kwenye mstari wa ikweta wenyewe, katika Q ziko juu na chini yake, katika P hakuna kubadilishana vipande, katika Q kuna kiazma na rangi zimehama. Usimpe alama anayesema "P ina kromosomu nyingi kuliko Q". Zote zina 4. Kosa hili linatoka kwenye kuhesabu mafungu badala ya sentromea, na linamsumbua hata mwanafunzi mzuri. Mkumbushe darasani kwamba idadi ya kromosomu ni idadi ya sentromea.

(c) Kilicho sahihi: kromatidi dada zinaachana katika seli zote mbili (alama 1). Mtahiniwa akikosoa na hilo pia, amekosea, kwa kuwa anafezi II kwa tendo lake inafanana kabisa na anafezi ya mitosisi.

Ushahidi wa kwanza: kila ncha ya T inapokea kromosomu 2 tu, ndefu moja na fupi moja, bila mwenza, kila ncha ya R inapokea 4, wenza wote wakiwamo (alama 1). Ushahidi wa pili: kromatidi ndefu zinazoachana katika T hazilingani, kwani moja ni nyeusi tupu na nyingine ina ncha nyeupe (alama 1). Hilo linaonyesha kwamba kubadilishana vipande kulitangulia, hivyo seli zitakazotokea hazitafanana (alama 1).

Tunaomba wasahihishaji wasome jibu la kipengele hiki pole pole. Ushahidi wa idadi peke yake hautoshi kufunga hoja, maana seli yenye seti moja ya kromosomu inaweza kugawanyika kwa mitosisi, kama ilivyo kwa dume la nyuki. Rangi ya ncha ndiyo inayofunga mlango. Mtahiniwa aliyefuatilia na kuona kwamba T imetokana na nusu ya juu ya S (ndefu nyeusi na fupi nyeupe) ameelewa mchoro wote. Akilieleza hilo vizuri, lihesabu kuwa ushahidi wa pili, alama 2 kamili.

(d) P vizio 4, zao la R vizio 2, zao la S vizio 2, zao la T kizio 1. Alama 1 kwa kila moja. Wengi wataandika kizio 1 kwa zao la S kwa sababu wamekariri kwamba meiosisi I "inapunguza nusu". Ni kweli inapunguza: kutoka vizio 4 hadi 2, na kutoka kromosomu 4 hadi 2. Lakini kila kromosomu bado imebeba kromatidi 2, kwa hiyo DNA ya zao la S ni sawa na ya zao la R ingawa kromosomu zake ni nusu.

(e) (i) 44 na 22. Zote mbili ziwe sahihi. (ii) Kikonyo hukua kwa mitosisi: kama katika P, kila kromosomu hujipanga peke yake na kila seli mpya hupata nakala ya kila kromosomu, hivyo jeni ni zilezile (1). Mbegu inatokana na gameti za meiosisi: wenza hubadilishana vipande kama katika Q (1), na kila jozi huachana bila kutegemea nyingine kama katika S (1). Anayetaja michanganyiko 2²², yaani 4,194,304, apewe alama ya hoja ya mwisho hata kama maelezo yake ni mafupi. Jibu la "mbegu zilichavushwa na mbuni mwingine" halikubaliki, swali limesema mbuni ulijichavusha wenyewe. Chotara hubeba aleli tofauti kwenye jozi zake, kwa hiyo hata akijichavusha watoto hutawanyika.

(f) Mitosisi haihitaji wenza kukutana; kila moja ya kromosomu 33 hujipanga na kugawanyika peke yake, ndiyo maana mgomba na machipukizi yake hukua (1). Katika meiosisi kila aina ya kromosomu ina wenza 3, haziwezi kupangika sawasawa mbili mbili (1), hivyo mgawanyo kwenda kwenye ncha hauwi sawa na gameti nyingi hazifai (1). Jibu la "33 haigawanyiki kwa 2" bila kutaja wenza lipewe alama 1 tu. Mtahiniwa asichanganye jambo hili na ndizi kujaa bila kuchavushwa. Hiyo ni partenokapi, ina sababu zake za kijeni, na haina alama hapa.

(g) Alikata mbali: eneo la mgawanyiko liko kwenye milimita 2 hadi 3 za mwisho, na milimita 15 nyuma ya ncha seli zimeshaanza kurefuka na kukomaa (½), akate ncha yenyewe (½). Hakulainisha kipande wala kukibonyeza: kiloweshwe kwenye asidi ya haidrokloriki 1 M yenye joto la 60 °C kwa takriban dakika 5 ili kinachounganisha kuta za seli kilegee, kisuuzwe, kitiwe rangi, kisha kifuniko cha kioo kibonyezwe wima kwa kidole gumba bila kutelezesha (1). Anayependekeza kutumia ncha ya mzizi ili kuona jozi kama za seli Q asipewe alama. Mzizi wa kitunguu utaonyesha kromosomu 16, kila moja peke yake. Anayetaka kuona jozi zake 8 achukue vifuko vya chavua kwenye chipukizi la ua ambalo bado ni changa, kabla chavua haijakomaa.